Maneno ya boksi la chai ya rosela: mwongozo kamili wa kaulimbiu ya mbele na maelezo ya nyuma

Chukua boksi lolote la chai ya viungo kwenye rafu ya duka, ufunike jina la mtengenezaji kwa kidole gumba, kisha usome kilichobaki. Mara nyingi kinachobaki ni kitu cha namna hii: "Chai bora ya mitishamba, asilia kwa asilimia 100, haina kemikali, husaidia presha, kisukari, vidonda vya tumbo na kupunguza uzito. Afya yako, fahari yetu." Maneno hayo yangekaa vizuri vilevile kwenye pakiti ya unga wa mlonge au chupa ya asali. Hayasemi chai hiyo ikoje mdomoni, inanywewa wakati gani, wala inapikwaje. Na nusu yake yanaweza kukukwamisha siku unapopeleka boksi kusajiliwa.

Nitaeleza kazi hii kwa boksi moja tu, mwanzo hadi mwisho. Tuseme una kiwanda kidogo cha kufungasha vifuko. Mchanganyiko wako ni rosela asilimia 50 (Dodoma wengi huiita choya), mchaichai asilimia 35, na tangawizi kavu asilimia 15. Kila kifuko kina gramu 2, na boksi lina vifuko 20, yaani gramu 40. Unahitaji maneno ya aina mbili: kaulimbiu fupi ya uso wa mbele, na maelezo mafupi ya mgongo wa boksi. Mengine yote ya lebo yapo na yana utaratibu wake, nami nitayagusa pale yanapobanana na haya mawili.

Watu wengi huanza na kaulimbiu kwa sababu ndiyo inayoonekana kwanza. Mimi naanza na mgongo. Kaulimbiu nzuri mara nyingi hupatikana imelala katikati ya sentensi ya nyuma, na anayeianza kichwani bila kuwa na kitu cha kusema huishia kwenye "ladha ya asili".

Pika kwanza, andika baadaye

Weka vikombe vitatu mezani, kila kimoja na kifuko kimoja. Mimina mililita 200 za maji yanayochemka. Kifunike kikombe cha kwanza kwa sahani na uache dakika 5, cha pili kifunikwe dakika 7, cha tatu kiache wazi dakika 10. Kaa na daftari, na usiandike sifa. Andika kinachotokea, na kipi kinatangulia.

Kwa mchanganyiko huu utaona mambo yanafuatana kwa mpangilio. Rangi hutoka mapema: maji yanapogusa kifuko, mistari myekundu inaanza kushuka kuelekea chini ya kikombe, na muda si mrefu kikombe kizima ni cha damu ya mzee. Harufu inayopanda na mvuke ni ya mchaichai, ile inayofanana na ndimu. Kinachoileta ni mafuta mepesi yanayoruka kirahisi, ndiyo maana kikombe cha wazi hunukia sana hewani na kidogo mdomoni, na kile kilichofunikwa hubaki na harufu yake. Ukinywa, kinachokupokea ni uchachu wa rosela. Tangawizi huisikii ulimini kwanza, inakukuta kooni ukishameza.

Hapo tayari una malighafi ambayo hakuna mwenzako anayeweza kuinakili bila kudanganya, kwa kuwa inatokana na uwiano wako wa 50, 35 na 15. Angekuwa na tangawizi asilimia 30, mpangilio ungegeuka.

Kabla hujafunga daftari, fanya majaribio mawili zaidi ambayo watengenezaji wengi huyaruka.

La kwanza, tia maziwa kidogo kwenye kikombe kimoja. Yatakatika. Rosela ina tindikali ya kutosha kuyakata, utaona vipande vyeupe vikielea na rangi ikififia kuelekea zambarau. Kwetu chai ni ya maziwa kwa kaya nyingi sana, na mtu akinunua kitu kilichoandikwa "chai" atakitia maziwa bila kufikiri mara mbili. Akiona yamekatika atadhani chai yako imeharibika, na hatarudi. Mstari mmoja wa maneno matatu nyuma ya boksi unazuia jambo hilo.

La pili, pika kwa maji ya aina nyingine na kwa kifuko kilichokaa. Maji yenye magadi mengi huweza kuisogeza rangi ya rosela kuelekea zambarau, na rosela iliyokaa muda mrefu au kupigwa na mwanga hupoteza wekundu na kuelekea kahawia. Ukitaka kuahidi rangi kwenye boksi, hakikisha boksi lililokaribia mwisho wa matumizi bado linaitoa. Kama halitoi, ahidi harufu au ladha, rangi iachie picha.

Mpaka kati ya chai na dawa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa za kuchapa upya hupotelea.

Tanzania, usajili wa vyakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019 kazi hiyo ilipohamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, ambayo ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Kenya ni KEBS. Lebo za vyakula vilivyofungashwa zinaongozwa na kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 38, na madai yanayoandikwa juu yake yana viwango vyake, EAS 804 na EAS 805. Mstari wa msingi, ambao pia umo kwenye miongozo ya kimataifa ya vyakula, Codex, ni huu: chakula hakidai kuzuia, kutuliza wala kutibu ugonjwa. Ukisema kinatibu, umetoka kwenye chakula na kuingia kwenye dawa. Dawa za asili zina njia yake ya usajili, kupitia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ni njia halali, ila ni nyingine. Huwezi kuuza boksi moja kwa vibali vya chakula na maneno ya dawa.

Mtu atauliza: mbona rosela imefanyiwa utafiti na kuonekana inashusha presha kidogo? Ni kweli, utafiti huo upo. Lakini uliwapa watu kiasi fulani kwa siku, kwa wiki kadhaa, kikapimwa. Kifuko chako chenye gramu moja ya rosela, anachokunywa mtu Jumapili, hakimo humo. Na hata kama kingekuwamo, bado dai la ugonjwa haliruhusiwi kwenye lebo ya chakula kwa sababu tu kuna utafiti mahali fulani.

Sasa turudi kwenye lile boksi la mwanzo na tulivue nguo moja moja.

"Husaidia presha, kisukari, vidonda vya tumbo" linatoka lote. Kitenzi "husaidia" hakikuokoi; ukikiweka mbele ya jina la ugonjwa, kinasomeka kama "hutibu". "Kupunguza uzito" linatoka pamoja nalo.

"Haina kemikali" linatoka kwa sababu mbili. Si kweli, kwani rangi na harufu ya chai yako ni kemikali za mmea. Pia linamtia msomaji shaka juu ya chai za wenzako, na miongozo ya Codex inakataza dai linalotia shaka usalama wa chakula kingine cha aina hiyo. Kama unachotaka kusema ni kwamba hukuongeza rangi wala ladha ya dukani, basi sema hivyo hivyo: "Hatukuongeza rangi wala manukato." Hilo linaweza kuthibitishwa kwa kuangalia orodha ya viambato.

"Bora" peke yake halina maana. Bora kuliko nini? "Asilia" na "halisi" yana masharti, na hata yanapokubalika, yamechoka. Sikatai mtu kuyatumia, ila sijawahi kuona boksi lililouzwa na neno "asilia" wakati kila jirani yake kwenye rafu analo.

"Mitishamba" ni suala la uamuzi. Neno halina kosa, lakini wanunuzi wengi wamelizoea pamoja na "dawa za", na likikaa mbele kwa herufi kubwa linamfanya mtu aulize "inatibu nini?" kabla ya kuuliza "ina ladha gani?" Kwa boksi letu nataja vitu vyenyewe: Chai ya Rosela, Mchaichai na Tangawizi. Ni jina refu kidogo, lakini linajieleza.

Kuna dai moja linalofaa: kafeini. Rosela, mchaichai na tangawizi havina. Mtu anayesoma "chai" hutarajia kafeini, kwa hiyo ni habari yenye manufaa kwake. Liandike kama ukweli pamoja na sababu yake, ili lisionekane ni ufundi wako wa pekee: "Ndani hamna majani ya chai, kwa hiyo haina kafeini." Halafu uishie hapo. "Unaweza kuinywa hata usiku" ni sawa. "Inaleta usingizi mnono" ni dai jipya kabisa, na huna cha kulisimamishia.

Mwisho wa mpaka huu ni onyo. Kwa kuwa rosela yaweza kugusa presha, na wajawazito kwa kawaida hushauriwa kuwa waangalifu nayo, mstari mmoja wa tahadhari ni uungwana: "Ukiwa mjamzito au unatumia dawa za presha, muulize daktari kwanza." Angalia usiligeuze kuwa dai la mlango wa nyuma, kama nilivyokwisha kuona: "Wenye presha wanywe kwa uangalifu maana inashusha haraka sana!" Kila mtu anajua hiyo si tahadhari.

Kuandika mgongo wa boksi

Mgongo wa boksi la vifuko 20 ni mdogo. Pima wa kwako kwa rula kabla ya kuandika hata neno moja. Kisha toa nafasi ya msimbo mistari: kwa ukubwa wake wa kawaida unachukua karibu milimita 37 kwa 26, pamoja na ukingo mweupe unaohitajika pembeni, na mara nyingi wabunifu huusukuma nyuma. Ukiweza, upeleke chini ya boksi au ubavuni, pamoja na orodha ya viambato. Mgongo uachie maneno.

Kwa nafasi hiyo, maneno kati ya 70 na 90 yanatosha kabisa. Nayagawa mafungu mawili: la kumwonjesha msomaji, na la kumpikisha. Historia ya kampuni, ndoto ya mwanzilishi na shukrani kwa wateja havimo. Anayesoma nyuma ya boksi yuko dukani amesimama, au jikoni na birika likichemka. Wote wawili hawana muda.

Fungu la kwanza hulitoa moja kwa moja kwenye daftari, kwa mpangilio ule ule wa kikombe. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa hivi:

"Chai yetu ina mchanganyiko wa kipekee wa rosela, mchaichai na tangawizi uliotayarishwa kwa umakini ili kukupa ladha ya kuvutia na harufu nzuri inayoburudisha mwili na akili."

Ina maneno zaidi ya ishirini na hakuna hata moja linaloonekana wala kunusika. "Kipekee", "kwa umakini", "ya kuvutia", "nzuri" vyote ni maoni ya muuzaji juu ya bidhaa yake. Ukiviondoa, zinabaki orodha ya viambato, ambayo tayari imechapwa ubavuni. Nikaifuta yote na kuandika kikombe:

"Ukimimina maji, mchaichai hutangulia kunukia. Kikombe hugeuka damu ya mzee. Uchachu wa rosela utausikia ulimini, na tangawizi itakukuta kooni. Ndani hamna majani ya chai, kwa hiyo haina kafeini: hata usiku unaweza kuinywa."

Soma kwa sauti. Vitenzi ndivyo vinavyofanya kazi hapa: kutangulia, kugeuka, kusikia, kukuta. Sifa moja tu imebaki, ya rangi, nayo kila mtu anaijua. Nimetumia "utausikia" kwa kuwa ndivyo tusemavyo mezani. Mhariri mmoja angependa "utaonja", lakini tangawizi ya kooni haionjwi, inasikika.

Je, tutaje mahali? Tangawizi inayolimwa milima ya Same ina jina, na "tangawizi ya Same" ni maneno mazuri kwenye boksi. Lakini wachapaji wengi hawakubali kazi ya maboksi mia mbili, utachapa maelfu, na maneno yatakaa ghalani pengine mwaka mzima. Msimu ukiwa mbaya ukanunua tangawizi ya Kigoma, boksi lako limekuwa la uongo. Taja mahali kwa kiambato ambacho una mkataba nacho au unakilima mwenyewe. Kisichokuwa na uhakika kitajwe kwa stika ndogo inayobandikwa kwa toleo husika, au kisitajwe.

Fungu la pili ni mapishi. Hapa usiwe mshairi. Wapishi wetu ni wa aina mbili, wa kikombe na wa chupa ya chai, na boksi nyingi humjali wa kwanza pekee kwa sababu maelekezo yamenakiliwa kutoka maboksi ya nje. Familia ya watu watano haipiki kikombe kimoja kimoja. Kwa hiyo:

"Kikombe (ml 200): kifuko 1, maji yanayochemka, funika dakika 7.
Chupa ya lita 1: vifuko 5, funika dakika 7, kisha vitoe ndipo ufunge chupa.
Sukari au asali upendavyo. Usitie maziwa: yatakatika."

Sentensi ya kuvitoa vifuko haikuwekwa kwa urembo. Ukiviacha kwenye chupa ya moto tangu asubuhi hadi saa kumi, uchachu na ukali vinaendelea kukolea, na mgeni wa jioni atakunywa kitu ambacho si chai yako. Kuhusu "funika", kumbuka kikombe cha tatu cha majaribio.

Hesabu maneno ya mafungu yote mawili: hayazidi 70. Ukiongeza tahadhari ya daktari na mstari wa kuhifadhi, "Hifadhi pakavu, mbali na jua," bado uko ndani ya 90.

Kaulimbiu

Sasa urudi kwenye fungu la kwanza na ulitafute wazo lenye mwendo. Ninaloliona mimi ni lile la kufuatana: uchachu unakuja kwanza, tangawizi inafuata. Hilo ni jambo moja, la kweli, na linaweza kusemwa kwa maneno manne au matano. Nilipitia njia hizi.

"Chachu mwanzo, moto mwisho." Lina mapigo mazuri, silabi nne na nne. Tatizo ni kwamba neno "chachu" likisimama peke yake mbele ya boksi la chakula, mpishi wa maandazi anaona hamira.

"Yaanza chachu, yaisha moto." Silabi tano na tano, na lina mtiririko wa pwani. Lakini msomee mtu bila kumweleza kitu. "Yaisha moto" anaielewa kama betri iliyoisha chaji: yaani chai imepoa. Kaulimbiu inayomwambia mnunuzi kwamba chai imepoa hatuihitaji.

"Rosela ya kukuburudisha." Ni salama na imekufa. Lingekaa kwenye juisi, sabuni ya kuogea au sharubati bila kubadilisha herufi.

"Uchachu mbele, tangawizi nyuma." Hili ndilo nililobaki nalo. "Uchachu" hauchanganyiki na hamira. "Mbele" na "nyuma" vinasema mpangilio bila kuhitaji kitenzi. Silabi ni tano na sita, hazilingani kabisa, ila sikio halilalamiki. Kuna utani kidogo pia, maana boksi lenyewe lina mbele na nyuma, na mbunifu mwenye akili anaweza kuuchora mzizi wa tangawizi ukichungulia kutoka upande wa mgongo.

Majaribio ninayoipa kaulimbiu ni matatu. Ifunikie jina la bidhaa: je, bado unajua ni kinywaji? Ibandike kichwani kwenye bidhaa nyingine ya duka hilo hilo: je, inakataa kukaa? Msomee mtu kwa simu, mara moja, kisha umwombe airudie baada ya kuongea mambo mengine. Akiirudia kwa maneno yake na maana ikabaki, ni sawa. Akiikumbuka nusu ya kwanza tu, nusu ya pili ni nzito.

Kwa Zanzibar na Mombasa, ambako boksi nyingi hununuliwa na wageni, utashawishika kuitafsiri kaulimbiu. Iache ilivyo. Tafsiri maelekezo ya kupika, tahadhari na viambato, kwa kuwa hivyo ndivyo mgeni anavyovihitaji. Kaulimbiu ya Kiswahili kwake ni sehemu ya zawadi anayopeleka nyumbani.

Kuyapanga na mengine ya lazima

Mbele kuna vitu vinne tu: jina lako la biashara, jina la chakula, kaulimbiu, na uzito halisi. Jina la chakula, "Chai ya Rosela, Mchaichai na Tangawizi", lisimezwe na kaulimbiu. Ni lazima lisomeke lenyewe, kwa herufi zinazoonekana wazi, kwani kaulimbiu haihesabiki kuwa jina la bidhaa. Uzito uandike "Uzito halisi: g 40 (vifuko 20 x g 2)".

Viambato vinaorodheshwa kwa uzito, kikubwa kwanza. Kwa sababu mbele tumevichora na kuvisisitiza, weka na asilimia zake: "Rosela (50%), mchaichai (35%), tangawizi (15%)". Hapa kuna mtego wa kaulimbiu. Kama tungeandika "Tangawizi" kwa herufi kubwa na picha kubwa ya mzizi, huku tangawizi ikiwa kiambato kidogo kuliko vyote, mnunuzi angekuwa na haki ya kulalamika. Picha ifuate uwiano: rosela iwe kubwa, tangawizi ichungulie tu.

Jina na anwani ya mtengenezaji, nchi, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi vinakwenda ubavuni au chini. Tarehe na namba ya toleo usizichape pamoja na boksi. Acha kidirisha cheupe kisichopakwa vanishi, maana wino wa muhuri haushiki vizuri juu ya vanishi na hufutika kwa kidole. Mwambie mchapaji jambo hili kwa maandishi. Nembo ya ubora isikae kwenye mchoro kabla hujapewa leseni ya kuitumia.

Ukubwa wa herufi ndio unaokatisha maneno. Kipimo kizuri cha kujiwekea ni cha Umoja wa Ulaya: herufi ndogo ya x isipungue kimo cha milimita 1.2. Kama maelezo yako hayaenei kwa ukubwa huo, yapunguze maneno, wala usiipunguze herufi. Na kuwa mkali kwa mbunifu juu ya rangi. Boksi la rosela karibu kila mara litapendekezwa liwe jekundu iliyokoza, na maneno meusi juu yake hayasomeki chini ya taa ya duka. Nyeupe au krimu husomeka.

Kabla ya kumpa mchapaji

Chapa mchoro kwenye karatasi ya kawaida kwa ukubwa wake halisi, ukate, ubandike juu ya boksi tupu la chai nyingine. Liweke kwenye rafu ya duka la jirani, katikati ya maboksi mengine, na urudi nyuma hatua mbili. Jina na kaulimbiu visomeke hapo. Kisha umpe mtu wa makamo aliyeacha miwani nyumbani asome mgongo.

Jaribio la mwisho ndilo lenye faida zaidi. Mpe mtu asiyekujua boksi hilo, vifuko na birika, halafu unyamaze. Usimwelekeze. Tazama anafanya nini. Kama hajafunika, neno "funika" limefichwa. Kama ametafuta maziwa, onyo liko chini mno, lipandishe au likoleze. Kama amesoma "dakika 7" akacheka na kutoa kifuko baada ya moja, jua kwamba wengi watafanya hivyo, na uonje kikombe hicho cha dakika moja mwenyewe. Kwa mchanganyiko wetu, kitakuwa chekundu lakini tangawizi haijafika. Hapo kaulimbiu yako ina deni, na una njia mbili: tangawizi isagwe laini zaidi ili itoke mapema, au nambari ya dakika ikae kwa herufi nene peke yake kwenye mstari wake.

Mchapaji akileta nakala ya majaribio, usiisome kama mwandishi. Soma kutoka mwisho kwenda mwanzo, neno moja moja, ili jicho lisijaze linachokitarajia. Hakikisha "mchaichai" limeandikwa vilevile kila mahali, mbele, nyuma na ubavuni, na kwamba asilimia zinafika 100. Piga msimbo mistari kwa skana ya duka lolote. Kisha tia sahihi na tarehe kwenye nakala hiyo, ubaki nayo moja, kwa kuwa maboksi yakija na kosa, swali la kwanza litakuwa kosa lilikuwamo kwenye nakala iliyosainiwa au liliingia mashineni.